Chupa ya Tumbo

Nilifika karibu na Voi kwa miguu, na viatu nilivyokuwa navyo nilikuwa nimevibeba mkononi ili visiishe. Vita vilikuwa vimekwisha. Wale walioniajiri kuandika mizigo ya wapagazi kule Moshi waliniambia asante, wakanionyesha barabara, wakafunga ofisi. Ningeweza kurudi pwani nilikozaliwa na kusomeshwa na wamisheni hadi madarasa ya juu waliyokuwa nayo. Lakini tangu nilipotoka shuleni miguu yangu haijakubali mahali pamoja, na kila mahali nilipopaacha nimepapenda zaidi nikiwa mbali kuliko nilipokuwa pale.

Kwa hiyo nilipita Taveta, nikakaa kidogo Njukini kwa sababu ilikuwa siku ya soko na mama mmoja alinipa maharage na mahindi ya kuchemsha nimsaidie kupakia punda. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyoungua chini ya chungu, huwa nafikiria soko lile na wale watu wakigombana kwa Kitaveta na Kichaga, kila upande ukijifanya hauelewi mwingine hadi bei ishuke. Kisha nikaingia tambarare. Hakuna aliyeipita tambarare ile kwa miguu akaisahau. Reli iliyojengwa haraka wakati wa vita ilikuwa bado imelala pale, na kando yake mahandaki yaliyojaa miiba, makopo ya nyama yaliyopata kutu, na makaburi ya watu ambao hakuna aliyejua walitoka wapi. Nililala Maktau katika kibanda cha wafanyakazi wa reli. Nikapita Bura, milima ya Taita ikisimama upande wangu wa kushoto, ya kijani kibichi, na juu yake ukungu, kana kwamba kule hakujawahi kuwa na vita wala kiu.

Kati ya Mwatate na Voi kulikuwa na shamba la katani. Nilisimama kuomba maji nikapewa kazi. Meneja alikuwa amepoteza karani wake kwa homa, na aliposikia kwamba najua Kiingereza, Kiswahili, Kikamba nilichojifunza kwa wapagazi, na Kidawida, lugha ya Wataita, cha kununulia chakula, hakuniuliza jambo lingine. Nikawa karani na mkalimani wa shamba. Nilikaa pale kuliko nilivyowahi kukaa popote, na nadhani ningekaa zaidi kama si jambo ninalotaka kulieleza hapa.

Shamba lilikuwa na hospitali. Naiita hospitali kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vitanda vya miti, chumba cha dawa chenye kufuli, na veranda. Veranda ndiyo iliyokuwa hospitali hasa, maana ndipo daktari alipokaa. Daktari alikuwa Mwingereza mwenye nyumba yake upande wa pili wa shamba, na alikuja asubuhi akiwa na mbwa wake na chai yake, akakaa katika kiti cha turubai, akanyoosha miguu juu ya kigogo. Sikumwona akiinuka kwenye kiti kile kwa ajili ya mgonjwa mweusi. Kwa ajili ya mbwa aliinuka.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Wagonjwa walipanga mstari chini ya veranda. Kila mmoja alitakiwa kusema neno moja, nami nilitakiwa kumpa daktari neno hilo kwa Kiingereza. Mbele ya muuguzi palikuwa na meza yenye chupa nne. Anayesema kichwa alipewa kwinini. Anayesema kifua alipewa dawa nyeusi ya kikohozi. Anayesema kidonda alipakwa ayodini. Anayesema tumbo alipewa chumvi ya haluli iliyokorogwa katika maji, akainywa palepale mbele ya watu wote, kikombe kimoja cha bati kwa mstari mzima. Daktari alikuwa ameeleza sababu yake kwa meneja nikiwa nimesimama pale, na aliieleza kwa fahari, kama mtu aliyevumbua kitu. Wanaoumwa kweli, alisema, watarudi. Wavivu hawatarudi, maana hakuna mvivu anayependa kuharisha siku mbili kwa ajili ya kukwepa kukata katani. Meneja alicheka sana. Alisema daktari huyu anafahamu watu.

Mtu akianza kueleza, tuseme mkono unamuuma tangu alipoanguka, na usiku anahisi baridi, daktari alininyooshea kidole. "Neno moja," alisema. Basi mimi nilimwambia yule mtu achague. Watu wakazoea. Wapo waliofika wakiwa wameshachagua neno lao njiani kufuatana na chupa waliyoivumilia zaidi.

Muuguzi alikuwa kijana wa Chawia, juu ya milima ya Taita. Alikuwa amefundishwa katika hospitali ya misheni, akatumikia hospitali ya vita, akaja shambani na cheti chenye muhuri na kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Ufunguo wa chumba cha dawa aliuvaa shingoni kwa kamba ya ngozi, juu ya shati, mahali ambapo kila mtu angeuona. Wafanyakazi wa kawaida hakuwasalimia mpaka wamsalimie. Watu walimwita dresa, naye alikasirika. "Mimi ni muuguzi," alisema. "Dresa ni yule anayefunga ng'ombe kidonda."

Mimi naye tulielewana kwa sababu tulikuwa wawili tu tuliosoma. Jioni alikuja kwangu kunywa chai na kumsema daktari. Alimwigiza vizuri sana, jinsi alivyonyoosha miguu na jinsi alivyoongea Kiswahili chake. Nilicheka. Siku hizi nikikumbuka nashangaa kwamba tulikuwa na muda mwingi hivyo wa kucheka.

Asubuhi moja, ilikuwa Jumamosi, alikuja mkata katani mmoja Mkamba. Alikuja akiwa amejikunja, mkono mmoja umeshika nyonga ya kulia, na ndugu yake amemshika mkono wa pili. Walikuwa wamekuja shambani pamoja, mkubwa na mdogo, na huyu mgonjwa ndiye mdogo. Zamu yao ilipofika, ndugu ndiye aliyesema.

"Tumbo," alisema. Kisha akaharakisha kabla sijamkataza. "Lakini si kuharisha, karani. Jana lilimuuma katikati, hapa kwenye kitovu. Leo limehamia upande huu. Ametapika. Choo hakuna. Hata maji hataki."

Muuguzi alisikia. Aliiacha meza yake, na hilo lenyewe halikuwa jambo la kawaida, akamlaza yule kijana kwenye benchi, akafungua shuka, akaweka vidole juu ya tumbo upande wa kulia chini. Nilikuwa karibu. Nililiona tumbo likikaza chini ya vidole kama ubao. Akabonyeza polepole, halafu akaondoa mkono ghafla, na kijana akaruka akalia. Akamgusa paji la uso. Akaangalia jinsi mguu wa kulia ulivyokunjwa na usivyotaka kunyooshwa.

Akanigeukia akanena kwa sauti ya chini. "Hili si tumbo la haluli. Tulifundishwa. Likiwa gumu hivi upande huu, mgonjwa hapewi kitu mdomoni, na dawa ya kuharisha kabisa hapewi. Inaupa utumbo kazi ya kusukuma, na kilichovimba ndani kinaweza kupasuka. Alazwe, apelekwe kwa daktari anayepasua. Mwambie."

Nikamwambia daktari kwa Kiingereza, maneno yote. Daktari hakunitazama mimi. Alimtazama muuguzi, na akaamua kutumia Kiswahili chake ili mstari mzima usikie.

"Wewe nani?" alisema. "Wewe daktari?"

"Hapana, bwana," muuguzi akajibu. "Lakini tumbo ni gumu. Bwana aje aguse."

"Mimi hapana guza. Mimi jua. Yeye vivu. Wewe kazi yako mimina. Hapana sema. Mimina, kikombe bili."

Mtu mmoja katika mstari alicheka. Labda alicheka ile "bili", labda alimcheka muuguzi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amewapita bila salamu. Nilimwona muuguzi akisikia kicheko kile. Alikunja uso. Alirudi mezani akanyoosha kaptura, akashika chupa ya tumbo, akamimina kikombe kikajaa. Na alipokuwa akimimina alisema, si kwa daktari, kwa Kiswahili safi, karibu kwa furaha:

"Haya. Acha aone mwenyewe."

Kijana alikunywa. Kikombe cha pili kilimshinda, nusu ikarudi, muuguzi akamwongezea. Ndugu yake akauliza kama anaweza kulazwa. Daktari akasema vitanda si vya wavivu. Ndugu akambeba mgongoni mpaka kambini.

Nataka mtu asome jambo hili vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu alilisimulia alivyopenda. Muuguzi alijua. Si kwamba alidhani; alijua, na alisema kwamba anajua. Alikuwa na njia zaidi ya moja. Angeweza kuiweka chupa mezani na kumwambia daktari aimimine kwa mkono wake mwenyewe. Angepigwa kelele, labda angefukuzwa, lakini hakuna kiboko kilichokuwa juu ya meza ile. Angeweza kumimina maji matupu. Angeweza kunituma mimi kwa meneja, au kumwandikia daktari wa serikali pale Voi, ambaye alikuwa na mamlaka juu ya hospitali zote za mashamba na ambaye treni ingemfikisha kwetu siku hiyohiyo. Na kama alikuwa ameshindwa yote hayo, angeweza angalau kwenda kambini jioni kumtazama mtu aliyempa dawa aliyoiogopa.

Hakwenda. Nilimkuta mchana akifunga mfuko wake. Kila Jumamosi alipanda kwao Chawia, ilikuwa ruhusa yake.

"Yule kijana?" nikamwuliza.

"Yupi?"

"Wa tumbo."

"Nimeambiwa kazi yangu ni kumimina," alisema. "Nimemimina. Kutazama hakuna aliyeniagiza." Akaning'iniza ufunguo shingoni, akapanda mlima nao. Kwa hiyo hata chumba cha dawa kilifungwa mpaka Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilikwenda kambini mwenyewe. Kijana alikuwa ametapika na kulia usiku kucha, watu wa nyumba za jirani walinieleza. Lakini nilipofika alikuwa ametulia. Alisema maumivu yameondoka ghafla alfajiri, kama kamba iliyokatika. Ndugu yake alifurahi, akanipa kigoda nikae. Nikamwendea meneja hata hivyo, nikamwomba gari la ng'ombe limpeleke mgonjwa hadi stesheni ya Voi, maana Jumapili treni haikupita kwetu. Meneja akaniuliza hali ya mgonjwa, nikasema ukweli, kwamba maumivu yameondoka. Akacheka. "Haluli imefanya kazi," akasema, akarudi kwenye kifungua kinywa chake.

Baadaye nilielezwa kwamba utulivu ule ndio uliokuwa dalili mbaya kuliko zote. Kitu kilichokuwa kimejaa ndani kilikuwa kimepasuka, na kilipopasuka shinikizo likaisha. Ilipofika jioni tumbo lote lilikuwa limevimba na kuwa gumu, si upande mmoja tena. Macho yalizama. Daktari aliitwa na meneja, akaja na mbwa, akasimama mlangoni mwa kibanda, akasema ni sumu ya kienyeji, watu hawa hulishana. Kijana alikufa Jumatatu kabla muuguzi hajashuka kutoka Chawia na ufunguo wake.

Ndugu yake hakumpeleka kaburini. Hilo ndilo lililowashangaza wote. Alikaa kando ya maiti, akakataza mtu yeyote asichimbe, akasema atamzika baada ya serikali kumwambia nani amemuua. Meneja akamtishia. Wakata katani wenzake wakaweka mapanga chini. Ulikuwa msimu wa kukamua katani na mitambo ilikuwa inangoja majani, kwa hiyo habari ilifika kwa DC, mkuu wa wilaya pale Voi, haraka kuliko ambavyo kifo kingeifikisha.

Daktari wa serikali alikuja, akampasua marehemu. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, hakupenda mtu yeyote, lakini alifanya kazi yake. Akatuambia alichokiona. Kuna kipande kidogo cha utumbo upande wa kulia, watu wa hospitali hukiita kidole tumbo, kinafanana na mnyoo mfupi. Kilikuwa kimeoza na kupasuka, na tumbo lote lilikuwa limejaa usaha. Hapakuwa na sumu ya kienyeji. Tukaitwa wote Voi kwenye uchunguzi wa kifo, mbele ya DC akikaa kama hakimu.

Usiku wa kuamkia safari sitausimulia. Itatosha kusema kwamba muuguzi alikuja kwangu kabla ya jua kuchwa, bila kuniigizia mtu.

"Ndugu yangu," alisema, "watanifunga."

"Labda."

"Wataniweka mimi, maana mimi ndiye niliyemimina. Lakini wewe ulisikia. Nilikataa, akanilazimisha. Utasema hivyo?"

"Nitasema ulimwambia tumbo ni gumu. Nitasema alikataa kuligusa. Nitasema alikuamuru."

"Na ile nyingine?"

Nilijua anachosema. "Ipi?"

"Ile niliyosema nikimimina. Hakuna aliyeisikia ila wewe na mstari. Mstari hautaulizwa."

"Nikiulizwa nitasema."

"Ilikuwa hasira tu."

"Ndiyo," nikasema. "Na kikombe kilikuwa cha hasira. Yule kijana alikinywa."

Akaniambia kwamba mimi ni mtu wa kupita tu, sina kwetu, ndiyo maana siwezi kumwonea mtu huruma. Pengine alikuwa sahihi kuhusu kwetu. Meneja naye aliniita asubuhi, akaniambia kwamba kazi yangu ilikuwa nzuri na kwamba angependa nieleze jinsi muuguzi alivyotoa dawa bila kuagizwa, maana daktari kwa kawaida alikuwa nyumbani kwake saa ile. Aliyasema hayo bila kuona haya, huku akipaka mkate siagi.

Ofisi ya DC ilikuwa nyumba ya mawe karibu na stesheni. Watu walijaa mpaka nje, Wadawida, Wakamba, na wenye maduka Waislamu wa pwani waliokuja kutazama kama wanavyotazama harusi. Mkalimani siku hiyo alikuwa karani wa DC, kwa kuwa mimi nilikuwa shahidi.

Daktari wa shamba alikaa kwenye kiti alicholetewa, na hakuapa mpaka alipokumbushwa. Akasema muuguzi hana ruhusa ya kutambua ugonjwa. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kuosha, kufunga, kupima joto, na kutoa dawa aliyoagizwa. Alipoanza kujifanya daktari mbele ya wagonjwa, ilikuwa lazima kumrudisha mahali pake.

DC akamwuliza daktari wa serikali kama hiyo ni kweli.

"Ni kweli nusu," yule mfupi akasema. "Muuguzi haruhusiwi kusema huu ni ugonjwa fulani na kuamua tiba. Lakini kusema tumbo ni gumu, mgonjwa anatapika, ana homa, hakupata choo, huko si kutambua ugonjwa. Ni kutoa taarifa, na hiyo ni kazi yake kuliko kumimina. Asiposema ndipo anapokosa. Aliposema, jukumu lilihamia kwa daktari kumgusa mgonjwa. Daktari aliyeagiza dawa ya kuharisha kwa tumbo asilolitazama hakufanya ambalo daktari wa kawaida mwenye uangalifu angelifanya."

Muuguzi alinyoosha mgongo. Nilimwona akianza kupona.

"Je, muuguzi baada ya kuamriwa alikuwa na hatia?" DC akauliza.

"Inategemea alijua nini," daktari wa serikali akajibu. "Muuguzi asiyejua anatii, na kosa ni la aliyeamuru. Anayejua kwamba dawa inaweza kuua, amri haimfuniki. Anaweza kukataa kuitoa kwa mkono wake na kutuma habari kwangu. Wala kazi haiishi mgonjwa akishameza. Anamfuatilia."

Ikafika zamu yangu. Nilisimama nikaeleza niliyoyaona, kwa Kiingereza, kisha mkalimani akayarudisha kwa Kiswahili ili ndugu wa marehemu asikie. Niliposema daktari alikuwepo, kitini kwake, meneja aliangalia dari. Niliposema daktari alikataa kugusa, muuguzi aliitikia kwa kichwa kama anayefuata wimbo. Kisha DC akauliza kama muuguzi alisema neno lolote alipotoa dawa.

Nikasema. "Alisema, acha aone mwenyewe."

Mkalimani akayarudisha maneno yale kwa Kiswahili. DC akamwita muuguzi mbele.

"Ulikuwa na maana gani?"

"Nilimaanisha daktari aone," muuguzi akasema. "Aone kwamba nilisema kweli."

"Aone vipi?"

Muuguzi alishika ufunguo wake. Daktari angeona vipi, ila kwa mgonjwa kuzidiwa? Yule mtu alikuwa amegeuzwa kipimo cha ubishi wao, mmoja kwenye kiti cha turubai, mwingine na ufunguo shingoni.

DC alikwenda chumba cha ndani, akarudi. Nakubali kwamba alieleza vizuri, na labda ndiyo maana nilimchukia kuliko wote. Alisema mambo manne hutazamwa: je, alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, je, aliuvunja, je, kuna madhara, na je, madhara yale yalitokana na kuvunja ule wajibu. Daktari alikuwa na wajibu na aliuvunja. Muuguzi pia, mara mbili, kwa kutoa dawa aliyojua ni hatari na kwa kwenda zake. Madhara yapo, yamelala kule shambani chini ya turubai. Lakini la nne, alisema, halina uhakika. Daktari wa serikali alikiri kwamba kidole tumbo kile kingeweza kupasuka hata bila haluli, na hata kama kijana angepelekwa kwa wapasuaji, huenda asingepona. Sheria ya kumfunga mtu kwa kusababisha kifo kwa uzembe inataka uhakika. Hakuwa nao. Kwa hiyo hakumshtaki mtu. Habari za daktari angezipeleka Nairobi kwa wakubwa wa waganga, ambao ndio wanaoweza kumwondoa katika orodha ya madaktari. Kwa muuguzi hakukuwa na orodha ya kumwondoa, hivyo alimwachia mwajiri wake.

Mkalimani alipomaliza, ndugu wa marehemu aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Bwana DC," alisema, "nimeelewa. Daktari amekosa. Dresa amekosa. Hakuna aliyemuua. Basi ndugu yangu amejiua?"

DC akasema uchunguzi umefungwa. Yule mtu akamzika ndugu yake kwenye makaburi ya shamba jioni ileile, akaenda zake Ukambani kwa miguu bila kuchukua panga lake.

Yaliyofuata yalikuwa ya kutapisha. Muuguzi alifukuzwa siku hiyohiyo. Nairobi haikujibu kwa muda mrefu, na kabla haijajibu daktari alipata kazi katika shamba kubwa zaidi, akafanyiwa karamu ya kuagwa ambamo meneja alisifu uaminifu wake. Mbwa aliachwa kwetu. Daktari mpya alikuja na muuguzi mpya, na meneja aliyejifunza kitu kutokana na uchunguzi ule akaniita niwafasirie agizo jipya. Agizo lilikuwa kwamba kuanzia sasa muuguzi asiguse tumbo la mtu yeyote. Akigusa atajua, na akijua kutakuwa na maneno. Asimame nyuma ya meza, angoje neno, amimine.

"Mwambie," meneja akasema.

Nikamwambia yule muuguzi mpya, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono nyuma. Chupa zilikuwa nne bado. Nikaweka kalamu mezani, nikaenda kufunga nguo zangu. Meneja alinifuata hadi mlangoni kuniuliza nani atamfasiria kesho. Nikamwambia maneno ni manne tu, anaweza kuyakariri.

Nilishuka Voi kupanda treni ya kwenda bara. Treni ilichelewa, nikatembea upande wa maduka. Kwenye baraza la duka moja la watu wa pwani, katikati ya mafuta ya taa na chumvi, alikaa muuguzi wangu wa zamani. Kaptura bado ilikuwa nyeupe. Mbele yake palikuwa na meza yenye chupa, na shingoni kamba ya ngozi yenye ufunguo, ingawa sikuona kufuli lolote.

Alinikaribisha kama hakuna kilichotokea. Hapa, alisema, hana bwana. Hapa ndiye daktari.

Mama mmoja Mdawida alifika akiwa na binti yake mkubwa, amejikunja kidogo. "Tumbo," akasema mama. "Nipe haluli."

Mkono wa muuguzi ulishaifikia chupa.

"Mlaze kwanza," nikasema. "Mguse."

"Mimi si daktari wa kugusa matumbo," akanijibu, akicheka, macho yakiwa kwenye kikombe alichokuwa akijaza. "Ilisemwa mbele ya DC. Na huyu mama ameagiza haluli. Umemsikia. Ameagiza mwenyewe."

Nikamwuliza mama, kwa Kidawida changu cha kununulia chakula, kama binti anatapika, na kama maumivu yako upande mmoja. Akasema hapana, ni hedhi tu. Nikashukuru, nikamwambia asimpe kile kikombe, maana haluli si dawa ya hedhi. Akamwangalia muuguzi, akaniangalia mimi, mtu mchafu aliyebeba mfuko, akachukua kikombe.

Treni ilipiga filimbi. Nikapanda, nikakaa upande usioelekea milima, maana mahali pale sikutaka kupapenda nikiwa mbali.